Tangazo la Kazi na Daftari la Ng'ombe

Mdogo wangu alikuwa na wiki mbili tu za kujiandaa na usaili, na siku nne za mwanzo alizimaliza kwa kunakili magonjwa ya ng'ombe.

Shirika la umma lililomwajiri lilikuwa limepunguza wafanyakazi, naye akahamia kwangu Morogoro mjini. Akikosa kazi hii, ni kurudi Matombo kushika jembe, na stashahada yake ya kilimo ikae kabatini. Basi nilipomkuta ameanza madaftari ya chuo ukurasa wa kwanza, damu ilinichemka.

"Tangazo umelisoma?"

"Nimelisoma, dada. Wanataka mtu wa kilimo."

Nikalichukua, nikachukua na kalamu. Kampuni ilikuwa inanunua mboga milimani. Ilitaka mtu anayejua wadudu na dawa za kabichi na nyanya, anayeandika taarifa ya mwezi kwa Kiingereza, anayeendesha pikipiki, na anayeelewana na wakulima. Nilimwambia kila sharti hapo lina mtihani wake: taarifa watakuandikisha, pikipiki watakupandisha, dawa watakuuliza mezani. Ng'ombe hawamo. Katani haimo. Funga.

"Na wakiuliza ng'ombe?"

Mungu anisamehe, nilitamani kuyachoma yale madaftari. Nilimpangia ratiba: asubuhi wadudu na dawa, mchana taarifa moja niisahihishe, jioni pikipiki ya jirani uwanja wa mpira. Lile la wakulima nililikata kwa mstari. Mtoto wa Matombo, anaongea Kiluguru tangu ananyonya, asome nini hapo? Mimi ni mwalimu. Kisichofundishwa darasani nilikiona si somo. Nikawa namuuliza maswali, naye anasimama wima na kujibu kama mbele ya mkaguzi.

Siku ya usaili alirudi saa kumi, akavua viatu mlangoni. Taarifa alikuwa ameandika vizuri. Pikipiki haikuzima hata mara moja. Mezani dawa zote alizitaja.

"Halafu wakamleta mzee mmoja, mkulima wa Mgeta kule milimani," akasema. "Wakaniambia nimweleze kwa nini asipige dawa akikaribia kuvuna."

"Ukamweleza?"

"Nilisimama, dada. Nikataja dawa, viambato na siku za kusubiri. Aliniuliza kama akiziosha kabichi zake itatosha. Nikamwambia asubiri, maswali mwishoni."

Nilikuwa na hasira, na safari hii sikuwa na wa kumkaripia. Neno lile la maswali mwishoni lilikuwa langu, nililisema darasani kila siku.

Kazi alipewa kijana mwingine. Mdogo wangu alirudi Matombo, akapanda kabichi. Msimu uliofuata kijana yule wa kampuni alikuwa akipanda mlima kwa pikipiki hadi shambani kwa mdogo wangu, anachuchumaa tutani na kumwelekeza namna ya kupiga dawa.