Maoni Chini ya Barua Yangu

Barua ya kwanza niliichana. Ilijaa hasira, na mie hasira zangu nazijua. Dada yangu mkubwa aliisoma jikoni akaangua kicheko: "We mwanamke, unaomba kazi au unatafuta ugomvi?" Nikakaa chini tena.

Mkuu wa wodi ya wazazi, kwenye kituo cha afya ninapofanya kazi hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Nafasi ingebaki wazi mpaka wakubwa wamteue mtu, na hilo huwa halina haraka. Hapo katikati lazima mtu akaimu. Nilitaka niwe mie, sioni haya kusema. Nilikuwa nimechoka kufanya kazi ya mkuu huku naitwa msaidizi.

Kwa hiyo nikaandika kwa utulivu, kwa Kireno cha ofisini, kilichonyooka. Ninaomba kufikiriwa kukaimu kwa muda wote nafasi itakapokuwa wazi. Nimekuwa mkunga hapa miaka tisa. Kila mkuu alipokwenda likizo, mimi ndiye niliyepanga zamu, nikaandika ripoti ya mwezi, nikashika funguo za kabati la dawa. Kituo kilipofunguliwa tena baada ya vita, nilirudi pamoja na wa mwanzo. Siombi cheo cha kudumu. Siku akija aliyeteuliwa, nitamkabidhi funguo siku hiyohiyo. Basi. Sikumsema mtu, sikujililia.

Barua ya namna hiyo haiendi moja kwa moja kwa mkurugenzi. Hupita kwanza kwa mkubwa wako wa karibu, aandike maoni yake chini ya maneno yako, kwenye karatasi ileile. Parecer, ndivyo tunavyoyaita. Na mkubwa wangu wa karibu alikuwa yeye mwenyewe anayeondoka, shoga yangu.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Tulipoukimbia mji, mie na yeye tulilala hema moja kambini, watoto wetu wamelala kati yetu. Siku moja nililia pale nikashindwa kunyamaza. Akanishika mkono: "Sema yote, dada. Hapa tupo mimi na wewe." Nikasema yote. Kwamba Mocímboa sirudi tena, kazi na waichukue, nikisikia risasi nyingine nabeba wanangu naenda zangu. Ndivyo mtu anavyosema akiwa hemani na mtoto ana homa. Miezi ikapita, kituo kikafunguliwa, nikarudi. Yeye alinifuata baadaye, na mie ndiye niliyemfagilia nyumba.

Aliisoma barua mbele yangu. "Lo! Dada, hapa hata nukta haijakosewa. Niachie, nitaipeleka mwenyewe sekretaria." Akanikumbatia. Wiki hiyo akahama.

Siku chache baadaye mtu wa sekretaria, ofisi ya makarani, akaniita nikasome jibu, kisha nitie sahihi kwamba nimelijua. Pembeni mkurugenzi ameandika: haikukubaliwa, kulingana na maoni ya mkuu wa wodi. Nikashuka kwa macho mpaka chini ya barua. Mwandiko ule nimeuona miaka yote kwenye daftari la vizazi, wala sikuhitaji kutazama jina. "Mwombaji ni mkunga hodari. Lakini amewahi kutamka mwenyewe kwamba Mocímboa harudi, na kwamba vurugu zikianza tena ataondoka na wanawe. Sishauri apewe dhamana hii."

Nikasoma mara tatu. Wallahi, kama angeandika kwamba mie mvivu, ningecheka.

"Mama, sahihi ni hapo chini," alisema mtu wa sekretaria, kwa upole, akitazama pembeni. Nikatia sahihi yangu chini ya sahihi ya shoga yangu. Nikaomba nakala, nikapewa.

Kukaimu akapewa muuguzi wa chanjo, mwanamke mwenye adabu zake, hana kosa. Asubuhi ya kwanza aliniuliza zamu hupangwaje. Nikamwonyesha. Wajawazito hawakunikosea kitu.

Mchana ule simu ikalia, kutoka Pemba. Sauti tamu kama kawaida: "Dada yangu, wamekujibu? Maana nilikuandikia vizuri sana, wakikataa ni roho mbaya zao tu."

"Karatasi ninayo mkononi," nikasema.

Utamu wa sauti ukamtoka.

"Dada, nilikuwa nakuonea huruma. Nilifikiria watoto wako. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema..."

"Nilimwambia nani?"

Miaka yote nimekuwa mtu wa kufoka, yeye anajua, na nadhani alikuwa anangoja nifoke ili naye apate la kusema. Sikufoka.

"Nilimwambia nani, dada? Si tulikuwa mimi na wewe?"

Akaanza kulia. Zamani ningemshika mkono. Nikakata simu, nikarudi wodini.