Mbasa wa Msiba wa Isongole

Mume wetu alipofariki alituachia nyumba ya Msasani, ile ya hapa Tukuyu si ya Dar, meza ya samaki sokoni, na sanduku la kubebea samaki. Nasema mume wetu kwa sababu tulikuwa wawili. Mimi ndiye niliyeolewa kwanza, nikitoka katika familia ya wafanyabiashara waliohamia huku zamani kutoka pwani. Mwenzangu alikuja baadaye, binti wa wakulima wa viazi wa Isongole, akasilimu ili aolewe. Yeye ananiita dada, mimi namwita mdogo wangu. Baada ya eda watu walingoja tugawane vitu, kila mtu ashike njia yake. Hatukugawana. Mimi nikawa nashuka ziwani Matema kununua, yeye akawa anauza, maana ana ulimi mtamu na anaongea Kinyakyusa na wamama wa mjini kama dada zao.

Sanduku lile marehemu alilitengenezesha mwenyewe. Nje mbao, ndani bati, na katikati ameshindilia yale mapande meupe mepesi yanayokuja na televisheni mpya. Chini lina tundu la kutolea maji. Wakati huo ninaousimulia lilikuwa limechoka, mfuniko umepinda na mapande meupe yameanza kunywa maji.

Kabla ya kufa marehemu alinifundisha kulipima kwa ndoo, zile ndoo kubwa za lita ishirini. Ndani linaingia karibu ndoo kumi na moja. Ndoo moja ya samaki waliopangwa vizuri ina uzito wa kilo kumi na saba na kitu. Ndoo ya barafu iliyopondwa haina hata kilo kumi na mbili, kwa sababu katikati ya vipande kuna hewa. Kwa hiyo kilo moja ya samaki na kilo moja ya barafu yake zinakula karibu lita tatu za sanduku, na barafu ndiyo inayokula nafasi kubwa. Ukitaka uzito sawa kwa sawa, kama yeye alivyotaka siku zote kwa samaki wanaotoka kwenye joto la Kyela, sanduku lile linabeba kilo sabini na mbili za samaki. Ukiwapa samaki nusu tu ya barafu yao, linabeba mia. Hapo ndipo palipotuletea balaa.

Mama mzazi wa mwenzangu alifariki wakati wa mvua, akiwa mzee, kwake Isongole. Mwenzangu alipanda bodaboda siku hiyo hiyo. Kesho yake alinipigia simu. Ndugu zake walikuwa wametoa ng'ombe mmoja, akaonekana hatoshi, na yeye amesimama mbele ya wajomba akaahidi mbasa, wale samaki wakubwa wa ziwani, wabichi kilo mia moja. Aliniambia kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka amekauka. Toka aolewe nje ya kanisa lao, alisema, kuna watu pale wanaomhesabu kama mgeni, na kwa mama yake hataki kuonekana mgeni. Mazishi yangekuwa siku inayofuata alasiri, kaka yake akishafika na basi kutoka Dar.

Nilimwambia nitashuka Matema alfajiri. Nilikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na dereva wake tulikuwa tunamfahamu. Tukapitia Kyela mjini kwa jamaa mmoja mwenye majokofu anayetuuzia barafu siku zote, tukachukua barafu ya kutosha, tukaiponda kwa nyundo juu ya turubai na kuisukumia sandukuni. Ufukweni wavuvi walikuwa wamepata. Mbasa walikuwa wanono, macho yao angavu, na mama ninayenunua kwake siku zote alinipimia kilo mia bila kuzungushana, akanipa pole ya msiba.

Nikaimwaga barafu kwenye turubai, nikaanza kupanga. Tabaka la barafu chini, tabaka la samaki, barafu, samaki. Nilipofika katikati nikasimama. Samaki wa pale wanatoka kwenye maji ya uvuguvugu, na jua lilikuwa limeshawapiga kwenye mchanga. Barafu yenye uzito wa robo yao na zaidi kidogo inaisha kwa kuwapoza wao tu, kabla haijafanya kazi nyingine. Inayobaki ndiyo inayopigana na joto linaloingia kwenye kuta na kwenye mfuniko uliopinda. Kwa nusu ya barafu wangefika Isongole salama, hilo sikuwa na shaka nalo. Wangekaa hadi jioni. Zaidi ya hapo sikujua.

Nikampigia mwenzangu kumuuliza kaka yake yuko wapi. Akasema basi liliharibika Iringa, lakini wameshaondoka, atafika tu. Nikamuuliza, asipofika leo? Nikamweleza habari ya barafu, kwamba nikitaka samaki walale hadi kesho inabidi nipunguze mpaka sabini na mbili, na wale waliobaki nirudishe. Akasema Isongole kuna baridi, samaki hawezi kuharibika kule. Nikamjibu baridi ya Isongole inamtetemesha mtu lakini haimtoshi samaki, na sanduku lenyewe analijua lilivyo. Nilitafuta chombo kingine pale ufukweni, hata pipa, sikupata cha kuzuia joto.

"Mama yangu anazikwa mara moja, dada," akasema. "Niletee mia."

Akakata simu.

Nilikaa juu ya ukingo wa kirikuu na samaki miguuni. Dereva alikuwa ananitazama. Niliwaza harufu ya samaki aliyelegea tumbo, na wazee wanaokula msibani bila kuuliza, na watoto. Niliwaza pia uso wa mwenzangu mbele ya wajomba zake. Mwishowe nikamrudishia yule mama kilo ishirini na nane, nikajaza barafu mpaka juu, nikakalia mfuniko ili ufungike. Pengo nikaliziba kwa kununua gunia la usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, nikifikiri angalau sitafika na mkono mfupi.

Njia nzima ilikuwa nzuri. Siku nyingine tungekwama kwenye tope au tungezuiwa na lori lililolala mlimani, lakini siku ile hapana. Tulipita Tukuyu bila kusimama, ukungu ukatupokea, na kabla ya saa saba tulikuwa Isongole.

Mwenzangu alitoka na wanawake wawili, amejifunga kanga kiunoni. Nilitaka kumkumbatia kwanza, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Akafungua. Barafu ilikuwa bado imejaa, nyeupe, samaki hata hawaonekani. Akatia mkono, akaifukua, akaitazama kwa muda. Najua alichokiona. Aliona nafasi. Aliona samaki wake kilo ishirini na nane waliobaki Matema, na mahali pao pamejaa maji yaliyoganda. Kisha akaliona gunia.

"Usipa," akasema taratibu. "Kwenye msiba wa mama yangu umeniletea usipa."

Wale wanawake walitazama pembeni. Mmoja aliniambia ndaga kwa kunishukuru, akachukua upande mmoja wa gunia kulipeleka jikoni, na mimi nikashika upande wa pili. Ningeweza kuwaeleza hesabu yangu, lakini hapo palikuwa na msiba ndani na mimi nilikuwa mke mwenza kutoka mjini.

Kaka mtu hakufika. Ilipokaribia alasiri simu yake ilipatikana, yuko Makambako, na wajomba wakaamua mazishi yasogezwe hadi kesho. Walisema samaki wapikwe kesho baada ya kaburi, ndio chakula cha wageni wa mbali, na leo watu wale nyama ya ng'ombe. Niliomba vijana wasogeze sanduku upande wa nyuma wa nyumba, mbali na mafiga, nikafungua tundu maji ya damu yatoke, nikalifunika kwa majani ya migomba na blanketi kuukuu. Mwenzangu alipita mara mbili akiniona nikifanya hivyo. Hakusimama.

Asubuhi nilikwenda kufungua. Barafu ilikuwa imebaki tabaka jembamba, vipande laini kati ya samaki na samaki. Nikainua mashavu ya mbasa mmoja baada ya mwingine. Mekundu. Nyama ukiibonyeza inarudi. Nikawaita wanawake waje wawapare magamba.

Lakini samaki hawakutosha. Hilo ndilo lililokumbukwa. Kaka alifika alfajiri na watu aliokutana nao njiani, na kijiji kizima kilikuja. Walikata vipande vidogo, tena vidogo zaidi, na bado wale waliotoka makaburini mwisho walipewa ndizi na usipa. Nilimwona mwenzangu amesimama mlangoni mwa jiko akiwatazama wakila. Mjomba wake mmoja, mzee wa sauti ya juu, aliuliza kama kilo mia za mjini ni tofauti na kilo mia za Isongole. Watu wachache walicheka. Yeye akainamisha uso, na mimi nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake.

Tulirudi Tukuyu matanga yalipokwisha, tukafanya kazi kama kawaida, na hatukuzungumza. Alinisalimia, akapokea samaki, akauza, akaenda chumbani kwake. Nilijaribu siku moja kumwambia kwamba kwa nusu barafu wasingefika asubuhi. Aliendelea kupara magamba.

"Labda wangefika," akasema.

Ni kweli, labda wangefika. Usiku ule Isongole ulikuwa wa baridi kali. Mimi nilifanya hesabu ya kitu ambacho hakikutokea, na yeye aliaibika kwa kitu kilichotokea, na hakuna mizani ya kupima hivyo viwili pamoja.

Ilikuwa baada ya mvua kwisha ndipo aliponiambia, tukiwa tunafunga meza, kwamba tutengeneze sanduku jipya. Alitaka la kilo mia. Tulikwenda wote kwa seremala wa Ibighi na akasikia kwa masikio yake mwenyewe: kilo mia za samaki na mia za barafu zinataka karibu lita mia tatu, na likijaa, likiwa na mbao zake, wanaume wanne watahema kulishusha. Seremala akauliza nani atalibeba. Tukatazamana, wanawake wawili. Tukaagiza mawili madogo, ya kilo hamsini kila moja, na mfuniko wenye mpira.

Safari ya kwanza ya masanduku mapya aliomba ashuke yeye. Nilibaki mezani sokoni, siwezi kuuza kama yeye, wateja wananiuliza yuko wapi. Jioni aliporudi nilikwenda kumsaidia kushusha. Nilifungua la kwanza. Alikuwa amepanga tabaka kwa tabaka, na barafu ilikuwa nyingi, nyingi kuliko ambavyo ningeweka mimi.

Nilimuuliza kama wavuvi walikuwa na samaki wachache. Akasema walikuwa tele. Kisha akaniambia nishike upande ule mwingine, tulibebe kabla halijaanza kuvuja.