Maziwa ya Alfajiri

Kukamua ng'ombe binti alifundishwa na baba yake, kwenye zizi hilohilo, na chumba wanachoishi wawili hao ni cha mwenye zizi. Kazi ikienda, chumba nacho kinakwenda.

Mwaka mzima sasa binti huyu anaichukia alfajiri. Anaamka vidole vimevimba, vya kulia na vya kushoto sawasawa, havikunji ngumi, na ng'ombe haelewi habari hiyo. Anakamua nusu, mengine yanabaki kwenye kiwele. Jua likipanda vidole vinalegea, na jioni ndoo inajaa.

Mwenye zizi akaona asubuhi pungufu, jioni tele, akakata shauri kuwa anaibiwa gizani. Mwizi gani anayerudisha jioni? Lakini mtu akishakushuku, akili anaipa likizo. Binti alipoomba waanze kukamua kukishakucha vizuri, akaonekana anatafuta nafasi ya kuficha. Akapewa mpaka mwisho wa mwezi wawe wamehama.

"Mikono ya kazi hiyo, mwanangu," baba yake alikuwa akimwambia. "Hata yangu imechakaa. Utazoea."

Hatimaye wakaenda zahanati pamoja. Tabibu akawaambia wote wawili waweke mikono mezani.

Ya mzee ilikuwa na vinundu vigumu kama mfupa, kwenye viungo vya mwisho karibu na kucha.

"Asubuhi inakaza kwa muda gani, mzee?"

"Enzi zangu za kukamua, nikimaliza ng'ombe wa kwanza nilikuwa nimeshasahau. Jioni ndiyo ilikuwa ikiuma, nikishachoka."

"Na wewe, dada?"

"Saa nzima na zaidi. Nikiitumia ndiyo inapata nafuu."

Tabibu akabana kiganja cha binti pale vidole vinapoanzia. Uvimbe ulikuwa laini, na binti akauma mdomo.

"Ya mzee ni kuchakaa. Yako siyo. Kinga ya mwili wako inashambulia viungo vyako wenyewe. Tutapima damu na kupiga picha, halafu utaonana na bingwa. Dawa zipo, ila huchukua wiki nyingi kufanya kazi. Kilichokwisha kuliwa ndani hakirudi. Ungekuja mapema."

 Mzee alijua nani alimchelewesha, na ilimuuma vibaya sana.

Alfajiri iliyofuata akamtangulia binti yake zizini, akakaa kwenye kigoda. Mwanzoni alikunja uso, kisha vidole vikakubali. Alikamua kwa hasira, kama anayelipiza kitu, mpaka kiwele kikawa kitupu. Binti alisimama pembeni, mikono ndani ya beseni la maji ya moto, machozi yanamtoka.

Mwenye zizi akaja, akachungulia ndoo. Ilikuwa imejaa pomoni.

"Kumbe asubuhi maziwa yapo," akasema, akimtazama binti.

Mzee akainuka haraka kueleza. Mwenye zizi hakungoja. Alikwishageuka, anakwenda kuita mtu wa kutoa vitu vyao chumbani.