Pengo Nililoliacha Kwenye Notsi za Salfa

Kikundi chetu cha wakulima pale Chiwata kilikuwa na mfuko mmoja tu wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho, na baba alikwisha kuutoa stoo. "Kesho mwezi wa sita," alisema. "Tunapuliza." Tangu biashara ya korosho iachiwe watu binafsi, salfa tulijinunulia wenyewe Masasi. Ukiimaliza kabla ya wakati, ukungu wa ubwiriunga unakula maua, na msimu umekwenda.

Mimi nilikuwa katibu. Jirani yangu alikuwa ametoka semina Masasi, ambako aliipiga picha kwa simu karatasi ya mwalimu kabla nafasi zake hazijajazwa. Majibu hakukumbuka hata moja. Chai ya semina aliikumbuka yote. Aliniachia simu, na jioni nilitakiwa kukisomea kikundi notsi kamili.

Juu ya karatasi paliandikwa: jaza kwa yaliyomo humu tu. Niliona rahisi. "Mkorosho mkubwa mmoja upewe gramu......" Chini walisema mfuko wa kilo ishirini na tano unatosha mikorosho mikubwa mia kwa mzunguko mmoja. Nikagawa, nikapata mia mbili hamsini. "Rudia baada ya siku......" Jedwali lilionyesha mzunguko wa kwanza siku ya kwanza, wa pili siku ya kumi na tano, wa tatu siku ya ishirini na tisa. Nikajaza kumi na nne.

"Anza kupuliza......" Hapo niliandika mwezi wa sita bila hata kuitazama simu. Nani asiyejua? Baba ndiye aliyekifundisha kijiji kizima. Kisha nikateremsha picha, nikakuta: "Usifuate kalenda, maua hayaji siku moja kila mwaka. Machipukizi ya maua yakianza kuonekana, ndipo kazi ianze." Nikafuta, nikaandika hilo la machipukizi. Niliogopa, sikufichi. Kumkosoa baba mbele ya watu si jambo dogo kwetu.

Jioni nilisoma. Nilipofika kwenye maua, watu wakamgeukia baba. Nikaendelea mpaka mwisho: "Salfa iliyobaki ihifadhiwe...... Hapa pako wazi."

"Wazi kwa nini?" baba akauliza. "Mahali pakavu. Hata mtoto anajua."

"Najua, baba. Lakini karatasi haikusema."

Wengine walicheka: katibu gani huyu anayeleta pengo! Baba hakucheka.

"Na ile ya maua, karatasi imesema?"

"Imesema."

Asubuhi nilimkuta shambani, shingo juu, akihama mkorosho hadi mkorosho. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Majani tu, hakuna hata chipukizi moja la ua.

"Njoo tuurudishe mfuko stoo," akasema. "Halafu lete daftari lako. Pale penye pengo andika mahali pakavu. Andika na aliyesema ni baba yako, si karatasi."