Nne, Mbili, Moja, Saba

Kazi kwa Wahindi niliipata kwa ajili ya samli. Nyumbani kwetu Masisi tulikuwa wafugaji, na mama yangu alinifundisha kuyeyusha siagi polepole mpaka povu liishe na chini ibaki ile takataka ya rangi ya kahawa. Vita ilipotushusha Goma, ng'ombe waliliwa na watu tusiowajua, lakini ujuzi ulibaki mikononi. Nilinunua siagi kwa watu waliotoka milimani, nikayeyusha samli na kuiuza kwa chupa huko Mabanga. Siku moja mama muzee mmoja wa Kihindi alisimama mbele yangu, akajipaka tone moja kiganjani, akanusa, akauliza kama ni ya ng'ombe peke yake. Nikamwambia mimi sijui kuchanganya. Akanichukua siku ile ile.

Nyumba yao ilikuwa Keshero, ya ghorofa moja. Mama muzee aliishi na mutoto wake wa kiume, mutu mzima mwenye duka la vitambaa na sufuria mjini. Nilidhani samli ni ya kupikia. Kidogo ilikuwa ya kupikia. Nyingine ilikuwa ya Mungu.

Kila jua lilipozama mama muzee alioga, akavaa nguo safi, akapanda juu. Kwenye ukuta wa mashariki, kando ya dirisha, kulikuwa na rafu yenye sanamu ya Krishna akiwa na filimbi. Alisokota pamba kuwa tambi tano, akazilowesha samli, akazipanga kwenye taa ya shaba yenye vikombe vitano, akaiweka juu ya sinia pamoja na maua na kipande cha kafuri. Kisha aliwasha, akashika sinia kwa mkono wa kulia na kengele kwa wa kushoto, akaanza kuimba na kuzungusha. Hiyo waliiita aarti. Mimi nilisimama mlangoni na ndoo yangu. Nilikuwa mwimbaji wa kwaya katika kanisa letu la Kiprotestanti, na sikutaka kuonekana nimeingia. Lakini sikio la mwimbaji halina dini. Baada ya miezi miwili nilijua wimbo wote, shairi kwa shairi, bila kujua neno hata moja.

Halafu waasi wakakaribia mji. Mutoto wa mama muzee alikuwa amevuka kwenda Gisenyi kwa shughuli za duka, na mpaka ukafungwa akiwa kule. Kesho yake bomu lilianguka mbali, upande wa Katindo. Mama muzee alishtuka kwenye ngazi, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia. Muuguzi wa jirani alimfunga kwa mbao mbili na kitambaa, akatushauri tusubiri amani ndipo twende hospitali.

Jioni ile mama muzee alikaa mbele ya sinia akiutazama mkono wake. Nilimwambia atumie wa kushoto. Akanitazama kama niliyemwambia atumie mguu. Mkono wa kushoto ni wa kengele, akasema. Moto ni wa kuume.

Ndipo akaniomba. Nilimweleza kwamba mimi ni mukristo, nimebatizwa kwa maji mengi. Akasema haniombi roho yangu, ananiomba mkono. Nilifikiri mpaka giza likaanza kuingia, nikaona kwamba Bwana ananijua na hawezi kudanganyika na sinia. Nikanawa, nikachukua moto.

Alinifundisha akiwa amekaa kwenye kiti. Sinia inazunguka kama mshale wa saa. Unaanzia miguuni pa Mungu: mara nne. Unapanda kitovuni: mara mbili. Usoni: mara moja. Halafu mwili wote, kutoka miguu mpaka kichwa: mara saba. Nilimuuliza kwa nini Mungu anamulikwa vipande vipande kama mugonjwa kwa daktari. Akasema kwamba zamani ndani ya mahekalu kulikuwa giza tupu, watu hawakuweza kumuona ila kwa taa, basi taa ilimwonyesha kidogo kidogo. Tambi tano ni udongo, maji, moto, upepo na anga, yaani dunia yote unamrudishia mwenyewe. Na kafuri ikiungua haiachi hata majivu. Hivyo ndivyo mutu anapaswa kuondoka mbele za Mungu, asibakize kitu chake.

Jioni ya tatu nilikuwa nimefika usoni wakati mlango wa chini ulipogongwa kwa kitako cha bunduki.

Walikuwa askari wanne wa serikali na kapiteni wao. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima, na katika giza lile waliona dirishani moto unaozunguka. Kapiteni alikuwa mutu mwembamba, mwenye adabu na macho ya kukosa usingizi. Alitaka kujua tunampa nani sinyale kwa moto ule.

"Mungu," nikasema.

"Yuko upande gani?"

Nikamwonyesha rafu. Akaitazama sanamu, akatazama dirisha lililo kando yake, akatoa daftari na biki. Aliniuliza moto unazungushwa mara ngapi, nami, kwa kuogopa kuitwa muongo, nikamwambia sawasawa. Nne, mbili, moja, saba. Aliandika kwa Kifaransa, quatre, deux, un, sept, akapiga mstari chini yake, na askari wote wakasogea kuangalia. Mmoja akasema ni namba ya redio. Mwingine akasema hapana, ni umbali wa kupigia mizinga. Kapiteni akamuuliza mama muzee hizo namba zinatoka wapi. Mama muzee akajibu, kwa Kiswahili chake cha Kihindi ambacho mimi peke yangu nilikizoea, kwamba zinatoka kwa mama yake.

"Na mama yake iko wapi?"

"Alikufa," nikatafsiri. "Huko India."

Akaliandika hilo pia.

Kisha akaamuru turudie mbele yake, na akamtuma askari mmoja, kijana mrefu wa sauti nzito, akasimame barabarani kuona kinachoonekana. Mama muzee alitikisa kichwa. Nilimsihi, lakini alikuwa na masharti, na mimi nikayatafsiri. Aarti haichezwi nusu. Wakitaka kuiona wataiona yote, pamoja na wimbo, na kila aliye ndani ataupokea moto mwishoni. Na hakuna anayesimama pale na viatu.

Kapiteni alitia daftari mfukoni. Halafu akainama akafungua kamba za buti zake. Wengine wakamfuata. Kati yao mmoja hakuwa na soksi, mwingine alikuwa na soksi za rangi mbili. Chumba kikajaa harufu ya safari ndefu, na mama muzee akaongeza kafuri.

Nikaanza. Mama muzee alipiga kengele kwa mkono wake mzima na kuimba, na mimi nikaimba naye, maana bila wimbo nilikuwa napotea hesabu. Kila shairi linarudi kwenye kiitikio kimoja. Kufika shairi la tatu, askari wa soksi mbili alikuwa anapiga makofi, na kufika la tano wote watatu walikuwa wanaitikia, kwa maneno yao ya kubuni, wakigawana sauti kama kwaya. Kapiteni hakuimba. Alikuwa anahesabu mizunguko kwa vidole.

Yule wa barabarani alipopanda, kapiteni alimuuliza ameona nini. Akasema ameona moto unazunguka kwenda kushoto. Kapiteni akasema hapana, umezunguka kulia, yeye mwenyewe alikuwepo. Askari akashikilia kushoto. Kapiteni akaniambia nirudie miguu peke yake, mama muzee akakataa, akasema nizungushe sahani ya chakula isiyo na moto, kwa sababu sahani haina sharti. Basi nikazungusha sahani. Ndani wakasema kulia. Kapiteni akashuka bila buti, akasimama barabarani katika mawe meusi ya volkano, nasi tukamuwekea tochi juu ya sahani. Tulimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Kushoto."

Alirudi juu akichechemea. Nilimweleza jinsi mama muzee alivyonieleza mimi: sisi tunamuangalia Mungu kwa mbele, na anayesimama nje ya dirisha anatuangalia kutoka upande wa Mungu. Kinachokwenda kulia kwetu kinakwenda kushoto kwake. Kapiteni alitafakari jambo hilo kuliko yote tuliyomwambia.

"Kwa hiyo adui akiwa nje," akasema, "anasoma kinyume."

Nikasema inaonekana hivyo. Alionekana kupata nafuu.

Moto ulikuwa ungali unawaka. Mama muzee alitia maji kidogo kiganjani, akayazungusha pembeni ya taa kuupoza, akaniambia niwapelekee. Niliwaonyesha: viganja viwili juu ya mwali, bila kugusa, halafu machoni na juu ya kichwa. Unachukua joto lake na nuru yake, unajipaka. Mmoja baada ya mwingine walijipaka. Askari wa sauti nzito alitaka kuuzima kwa kupuliza, kwa heshima, kama mtu anayesaidia kazi za nyumbani, na mama muzee akamshika mkono. Pumzi ya mdomo haizimi moto ule. Unaachwa uishe wenyewe. Basi watu wenye bunduki wakasimama bila viatu wakingoja samli ya Masisi iishe, kisha wakapewa sukari ya mawe kila mmoja, wakaila.

Hatukukamatwa. Lakini raporo ya kapiteni ilikuwa imeandikwa daftarini, na raporo inataka uamuzi. Uamuzi wa kapiteni ulikuwa kwamba aarti iendelee chini ya ulinzi, ili isibadilishwe kuwa sinyale. Kwa hiyo kila saa kumi na mbili jioni yule askari mrefu alikuja, akavua buti, akakaa karibu na mlango kunihesabia. Alikuwa mkali kuliko mama muzee.

"Mama, miguuni umefanya tatu," aliniambia jioni moja. "Rudia."

Mama muzee akasema ni kweli, tatu. Nikarudia.

Siku ya sita ya ulinzi huo jeshi liliondoka. Tuliona kutoka dirishani wanapita kuelekea Sake, wengine na magodoro kichwani, mmoja na mbuzi. Nilidhani hesabu imekwisha. Lakini yule askari alipanda ngazi akihema, jua likiwa bado juu, akauliza kama Mungu anaweza kukubali mapema leo. Mama muzee alimtazama, akaniambia niwashe. Tulifanya yote, nne, mbili, moja, saba, hakuna nililokosea. Alipoweka viganja juu ya moto aliviacha pale muda mrefu mpaka nikaogopa ataungua. Halafu akajipaka uso wote, akavaa buti, akaenda. Jina lake sikuwahi kuuliza. Sijui kama alifika.

Mutoto wa mama muzee alivuka mpaka baada ya majuma mawili, akatukuta tukisokota pamba. Nilisimama kumwachia kazi ya moto, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba. Akashika sinia, akazungusha, na mara mbili mama yake akamkatiza kumwambia anakimbilia usoni. Mwishowe mama muzee akasema, kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, kwamba huyu amekaa Gisenyi sana.

Nikaambiwa nichukue sinia.