Jina Lililokatwa kwenye Risala

Apolonia, au Mama Mageni kama wote walivyomwita, alikuwa na uso usiojua kuficha. Akichukia kitu, pua ilipanda juu na mdomo ukajikunja kama wa mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Mwaka huo wa 1955, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, pua yake haikushuka.

Kilichoipandisha ni risala. Shule ya misheni ya Nyamalulu, upande wa Geita, ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano, na Chama cha Wanafunzi wa Zamani kilitaka kuisalimu. Salamu ya chama si salamu ya njiani. Kwanza kamati inaandika rasimu. Mwalimu mkuu anaipitia kabla haijaenda mbali. Halafu inasomwa mbele ya wanachama, wananyosha mikono kuipitisha. Ndipo inanakiliwa safi kwa wino kwenye karatasi nzito, mwenyekiti na katibu wanatia sahihi, na siku yenyewe inasomwa kwa sauti na kukabidhiwa mkononi mwa mgeni rasmi. Apolonia alizijua hatua zote hizo kwa kuwa alihudhuria kila mkutano, akikaa benchi la mbele, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi nyuma.

Alikuwa na haki ya benchi hilo. Shule ilipoanza mwaka wa 1930 watoto walikuwa kumi na watano, wasichana wawili, na mmoja wao alikuwa yeye. Baba yake alikataa katakata. Mwalimu Bujiku, mwalimu wa kwanza na siku hizo wa pekee, akaja akakaa kwenye lango la zizi la ng'ombe siku mbili nzima, hali wala hanywi, mpaka mzee akaona aibu ya kumwacha mgeni na njaa nyumbani kwake. Siku ya tatu Apolonia aliandika herufi yake ya kwanza kwa mkaa, juu ya kigae cha chungu kilichovunjika. Alisoma miaka miwili tu, akaolewa. Lakini barua za watoto wake alizisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya neno, wala hakumpelekea mtu yeyote amsomee siri zake.

Basi katika rasimu ya kwanza jina la Bujiku lilikuwamo. Alilisikia kwa masikio yake. Mkutano wa pili Athanas, katibu wa chama na karani wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, alisimama na kaptula yake iliyopigwa pasi mpaka ikasimama peke yake, akasoma tena. Ikaja salamu kwa mgeni rasmi, ikaja pongezi, ikaja historia fupi. Shule ilianzishwa na mapadri wenye moyo wa huruma, wakisaidiwa na mtemi na walimu mbalimbali.

Apolonia akauliza mwalimu mbalimbali ndiye nani, maana yeye hakufundishwa na mtu wa jina hilo.

Watu wakacheka. Athanas akaeleza, kwa sauti ile ya kumwelekeza mtoto, kwamba mwalimu mkuu alipitisha kalamu nyekundu. Bujiku alifukuzwa kazi kwa kumrithi mjane wa kaka yake akiwa tayari na mke wa ndoa ya kanisa, na aliyemfukuza ndiye padri yule yule anayekuja kuwa mgeni rasmi, sasa msimamizi wa shule zote za misheni.

"Mama Mageni, risala ina sehemu ya maombi," akasema. "Tunaomba shule ya kati, watoto wasiende mbali wakimaliza la nne. Utamwomba mtu huku unamkumbusha ugomvi wake?"

"Ugomvi wake ni wake. Sisi tunasalimu nyumba au tunamlamba mtu miguu?"

Mwenyekiti Donatus, mwalimu mpole aliyeogopa kila kitu kilichokuwa na mhuri, akaomba mikono. Ikanyoshwa yote isipokuwa mmoja. Wengi wao walifundishwa kusoma na Bujiku. Apolonia aliiangalia ile mikono, mmoja mmoja. Bujiku alikwenda kuchimba dhahabu baada ya kufukuzwa, akafa kifua kikiwa kimemwisha, na mjane yule aliyemrithi, sasa mjane wake yeye, alikuwa bado anaishi ng'ambo ya kijito, akiwasalimu watu hawa hawa kila siku ya gulio.

Wangeishia hapo, wangepona. Lakini kamati ilitaka risala ikabidhiwe na mmoja wa wale kumi na watano wa mwanzo. Walikuwa wamebaki wanne, watatu wako machimboni, hawana ruhusa. Donatus akaja mwenyewe kumwomba, akitazama kofia yake. Wote walidhani angekataa. Apolonia akasema atabeba.

Siku ya sherehe, baada ya misa ya asubuhi, watu walijaa uwanja wa shule. Athanas akasoma risala. Maneno 'walimu mbalimbali' yakapita, na mjane wa Bujiku, aliyesimama nyuma kabisa na kanga yake kuukuu, akatazama chini. Yakaja maombi, zikaja shukrani. Athanas akaikunja karatasi, akaifunga utepe, akaiweka kwenye sinia lenye kitambaa cheupe. Apolonia akaenda nalo hadi mbele ya padri, akapiga magoti kama mwanamke wa Kisukuma anavyomsalimu mkubwa. Padri akanyosha mikono kupokea. Sinia halikuachiwa.

"Mwangaluka," akasema Apolonia, kwa sauti iliyofika mpaka nyuma.

Sasa, kwetu salamu ya asubuhi haiishii hapo. Anayesalimiwa huuliza wewe ni wa nani, ukamtajia jina la baba yako, naye hukurudishia salamu kwa jina hilo. Padri yule alikuwa ameishi Usukumani miaka thelathini. Mdomo wake ulikwisha zoea.

"Mwangaluka. Ng'wa nani?"

"Ng'wa Bujiku."

"Mwangaluka, ng'wa Bujiku," padri akaitikia, wazi kabisa, mbele ya mtemi na walimu na watoto wote.

Ndipo akajisikia alichosema. Uso ukamwiva. Akamtazama yule mwanamke aliyepiga magoti, naye Apolonia akamtazama vilevile, hakupepesa. Nyuma uwanjani mjane alikuwa ameinua kichwa. Apolonia akaliachia sinia.

Padri katika jibu lake alisema maombi ya shule ya kati ameyasikia na atayapeleka panapohusika. Jina hakulirudia, wala hakulikana.

Wakati wa chakula Athanas alikuja mbio, meno yote nje. Alisema mambo yamekwenda vizuri sana, na kwamba kwa kweli kamati ilikuwa na nia hiyo hiyo tangu mwanzo, ila ilitafuta njia ya busara. Alikuwa tayari amewaambia wageni wawili kwamba salamu ile waliipanga. Akamnyoshea sahani ya pilau yenye nyama nono.

Apolonia aliitazama sahani, akautazama mkono ulioishika, ule ule ulionyoshwa siku ya kura. Mdomo ukajikunja.

"Kula wewe, Athanas. Umezoea kumeza."

Akavuka uwanja, akamshika mjane wa Bujiku mkono, wakashuka wote kijitoni kuelekea nyumbani kwa mjane, ambako kulikuwa na ugali wa mtama na mboga ya mlenda. Njiani alitema mate mara mbili, na mate hayo, alisema mwenyewe baadaye, hayakutokana na vumbi.