Nadhiri ya Saa Tisa

Siku kocha Lemma alipomwita uwanjani, Zenebech alidhani bintiye ameanguka. Aliacha sahani ya kuokea mikate ya injera ikiwa bado ya moto, akamwambia jirani achungulie jiko, akapanda mlima mbiombio huku shuka yake nyeupe ikiburuzika kwenye nyasi. Kumbe Gadise alikuwa mzima, ameketi na wenzake, ananyoosha miguu. Kocha ndiye aliyekuwa na uso wa msiba.

"Mama Gadise, huyu mtoto anakula saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri, kocha. Si ni mfungo mkuu?"

"Na wenzake wako kwenye mfungo huohuo. Wameenda kwa kasisi wao, Abba, wamepewa ruhusa. Wa kwako anasema ana nadhiri, na yake haiwezi kuondolewa. Kwa nini?"

Zenebech alitazama chini. Mji mzima wa Bekoji ulijua habari ile, ila kocha alikuwa mtu wa kuja, kutoka Asella.

Gadise alipokuwa na miaka minne, homa ilimshika mpaka akaacha kulia. Mama yake alimbeba hadi kanisa la Mariamu, akamlaza kwenye ngazi, akasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mtoto akipona atafunga kila mfungo hadi saa tisa, bila kuonja hata maji, maisha yake yote. Homa ilishuka kabla jua halijazama. Tangu hapo mtoto yule hakuwahi kuonja kitu kabla ya saa tisa siku ya mfungo, na mama yake hakuwahi kulala vizuri. Kila Gadise alipokohoa, Zenebech alihesabu moyoni kama kuna siku waliyokosea.

Kocha alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachuchumaa, akaokota kijiti, akachora mduara kwenye vumbi.

"Hili ni ghala. Liko kwenye misuli, jingine dogo liko kwenye ini. Akikimbia saa mbili na zaidi, ghala linabaki tupu. Wanga ndio unaolijaza. Viazi, mkate, besso, sukari. Kila mtu kipimo chake kinatoka kwenye uzito wake. Gadise ana kilo arobaini na sita. Akila saa mbili kabla ya kukimbia, nampa gramu mbili za wanga kwa kila kilo. Ikibaki saa moja tu, gramu moja. Akimaliza, gramu moja na kidogo kwa kilo, kila saa, kwa saa nne za mwanzo. Kwake ni kama gramu hamsini kila saa."

"Hamsini ni kitu gani, kocha?"

"Kiazi kimoja kikubwa na glasi ya chai yenye vijiko viwili vya sukari. Basi. Na siku nzima, siku ngumu kama Alhamisi, gramu nane mpaka kumi kwa kilo. Karibu mia nne."

Zenebech alifikiri. Yeye aliachia shule darasa la nne, lakini kupima unga ndiyo kazi yake. "Hizo mia nne atazila. Nitampikia kuanzia saa tisa mpaka alale."

"Na saa kumi ana mazoezi ya jioni. Atakimbia na tumbo limejaa mawe? Angekuwa na siku mbili za kupumzika nisingekusumbua, ghala lingejaa polepole. Ila huyu anakimbia kila siku, tena mara mbili. Saa zile za mwanzo mwili unapokea kwa pupa. Yeye anazipitisha akitazama jua." Kocha alisimama, akapangusa magoti. "Chakula chenu cha mfungo hakina ubaya wowote, mama. Nafaka tupu, ndiyo ninayoitaka. Shida yangu ni saa."

Kabla hajaondoka alimwambia jambo la mwisho. Alhamisi moja kabla ya Pasaka, watu wa klabu ya Addis Ababa wangekuja kuwatazama wasichana katika mbio ndefu ya kilomita thelathini na tano. Wangechukua wawili. Chumba, viatu, mshahara. Gadise alikuwa na miaka ishirini na miwili, na klabu ile haikuchukua wakubwa zaidi ya hapo.

Zenebech alishuka mlima na jambo lile kifuani kama kaa la moto.

Bontu, jirani yake muuza viazi, alimkuta ameinama mbele ya jiko.

"Wee Zenebech, injera inaungua na wewe unaitazama kama mume aliyekukimbia!"

Alipoelezwa, Bontu aliweka kapu chini. Yeye alikuwa Mwislamu, na walikuwa wameishi ukuta kwa ukuta tangu wakiwa mabibi harusi.

"Dini yenu mlisahau daku. Sisi tunaamka, tunakula, tunalala tena. Nyinyi mnalala tu kama magogo, halafu mnataka mbio."

"Usinichekeshe, dada. Sina moyo."

"Nani anakuchekesha? Nenda kwa Abba Gebre. Mlango wake hauna kufuli."

"Na nikimwomba Mariamu aifute nadhiri, naye akasema, haya, nirudishie na changu?"

Bontu aliinamia kapu lake. Alichagua viazi vinne vikubwa, akaviweka karibu na jiko, akaenda zake.

Zenebech alikwenda kanisani mara mbili. Mara ya kwanza alifika kwenye lango, akabusu nguzo, akageuka. Mara ya pili Abba Gebre mwenyewe alikuwa uani akifagia majani, akamwamkia, "Hujambo, mwanangu? Umekuja kwa jambo?" Naye akajibu, "La, Abba, napita tu." Akapita.

Nyumbani alijaribu njia zake. Saa tisa ilipogonga, chakula kilikuwa tayari mezani: injera na mchuzi wa shiro, mkate mzito, viazi, na bakuli la besso, unga wa shayiri ya kukaanga aliouvuruga kwa maji na sukari. Gadise alikula haraka, akanyanyuka kwenda mazoezini, akarudi akiwa ametapika njiani. Usiku alijitahidi tena, akachoka kutafuna.

"Ongeza kidogo, mwanangu."

"Mama, hata ng'ombe hupewa muda wa kucheua."

Walicheka. Lakini Zenebech aliona jinsi binti alivyoinuka kwa kushika meza.

Siku za katikati ya mfungo kocha alipita nyumbani akiwa amewapima wasichana wote. Gadise sasa alikuwa na kilo arobaini na tatu. Zenebech alipiga hesabu upesi kichwani, nane mara arobaini na tatu, na uso ukamng'aa kwa mara ya kwanza tangu aitwe uwanjani.

"Basi hesabu imepungua, kocha! Sasa anahitaji kama mia tatu na arobaini. Hizo anazimaliza. Jana amezimaliza."

Kocha alitikisa kichwa.

"Mama Gadise. Kipimo kimepungua kwa sababu mtoto amepungua. Nikikufuata hivyo, tutafika mahali hahitaji chochote."

Gadise alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Zenebech alitamani aseme neno. Alitamani binti yake apige meza, apige kelele kwamba nadhiri hii si yangu, nilikuwa na miaka minne. Angepiga kelele, mama angepata pa kuegemea. Lakini Gadise alilelewa akiambiwa kwamba pumzi yake ni ya mkopo, akaenda kufua soksi zake.

Alhamisi ya klabu, Zenebech alijiweka kwenye kona ya mikaratusi, mahali barabara inapoanza kupanda kurudi mjini, zikiwa zimebaki kilomita kama sita. Wasichana walikuwa wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Chini ya shuka alikuwa na dumu la besso nyembamba yenye sukari. Kwa nini alilibeba, hakujiambia.

Kundi lilipotokea bondeni, Gadise alikuwa wa pili. Moyo wa mama uliruka. Nyuma yao gari la klabu lilifuata polepole, wanaume wawili wakiwa wametoa vichwa madirishani. Wakaanza kupanda. Mama aliona mambo ambayo wale wa garini hawakuyajua: bega la kushoto la binti likishuka, mdomo ukibaki wazi, halafu miguu ikianza kupiga chini kama ya mtu anayeshuka ngazi gizani. Msichana mmoja akampita. Mwingine. Wa tatu akamgusa mgongoni, akasema, "Twende, Gadi," akampita naye. Gadise akaanza kutembea. Gari likampita.

Zenebech alikimbia barabarani, dumu mkononi. Jua lilikuwa bado upande wa mashariki, saa tisa ikiwa mbali.

"Kunywa."

Gadise alimtazama kana kwamba hamjui.

"Kunywa, mwanangu. Mimi ndiye ninayesema. Mimi niliiweka."

Binti hakubisha hata kidogo. Alilishika dumu kwa mikono miwili, akanywa, besso ikimtiririka shingoni, akanywa bila kupumua, na mama alipoona jinsi alivyokuwa akinywa alielewa kwamba siku yoyote, asubuhi yoyote ya mfungo ule, ingetosha neno moja tu kutoka kwake.

Gadise alipomaliza alijaribu kukimbia. Sukari haifiki miguuni mara moja, na gari lilikuwa limeshapotea juu. Alifika uwanjani wa saba. Watu wa klabu walikuwa wakiwapa mkono wasichana wawili. Kocha Lemma alimfunika Gadise koti, akampa kiazi, akasimama karibu naye mpaka akakimaliza.

Zenebech alikwenda kwa Abba Gebre jioni ileile, akaingia mpaka ndani. Alisema yote akiwa amepiga magoti. Abba akauliza kwa upole:

"Kwa nini hukuja mapema?"

"Niliogopa, Abba."

"Nadhiri ya mama juu ya mtoto mdogo, mama anaweza kuibeba mwenyewe. Ningekuwekea wewe mabegani. Ni maombi mafupi tu, mwanangu. Yangekwisha kabla jiko lako halijapoa."

Alimwekea msalaba kichwani, akayasoma. Yalikuwa mafupi kweli.

Baada ya Pasaka Gadise alipata kazi kwenye kinu cha ngano, kushona midomo ya magunia. Kocha alimwambia aje tu mazoezini, asiache. Alikuja wiki mbili, akaacha. Hakumlaumu mama yake, wala hakuzungumzia mlima ule, na Zenebech, aliyekuwa akimchungulia kila siku usoni akitafuta hasira, hakuiona.

Mfungo wa Mitume ulipoanza, Zenebech alimwamsha binti yake alfajiri, akamtengea mkate, viazi na chai ya sukari, vyote kwa kipimo alichofundishwa uwanjani, gramu mbili kwa kilo. Yeye mwenyewe hangeonja kitu mpaka saa tisa. Alikaa mkabala, mikono mapajani, akitazama.

Gadise alikula nusu ya kiazi, akanywa chai, akasogeza sahani.

"Malizia, mwanangu. Umeruhusiwa."

"Nimeshiba, mama," alisema, akijifunga kitambaa kichwani. "Naenda kukaa tu kule. Kushona magunia hakuhitaji chakula chote hiki."

Akatoka, akateremka kuelekea kinuni, akitembea polepole.